Fizi: Karata bila dau zinaweza kurudisha hesabu ya kichwa

BARAKA – Alasiri, chini ya mwembe au kando ya duka, si vigumu kukuta vijana wanne wamezunguka karata. Mzazi akipita, wazo la kwanza linalomjia ni kamari. Hofu hiyo ina msingi: dau la faranga 100 hugeuka deni, na deni huleta ugomvi. Lakini mzazi anayechana karata hizo anatupa chombo ambacho kingemsaidia mtoto wake, naye mwenyewe pia.

Familia nyingi zilizokimbilia Baraka na vijiji vya Fizi zina kijana aliyekatiza masomo. Kuna pia mama anayeuza ndakala au unga, ambaye mteja akimpa noti kubwa hulazimika kuomba simu ya jirani ili ajue atarudisha kiasi gani. Simu ikizimika, anamwamini mteja. Hapo ndipo faranga zinapopotelea, kidogo kidogo, kila siku ya soko.

Karata zinaweza kufundisha hesabu hiyo kwa masharti matatu: pasiwe na dau, kuwe na namba ya kufikia, na kila mchezaji aseme kwa sauti njia aliyopita.

Kwanza, ondoa karata zote zenye picha za watu, pamoja na jokeri. Zinabaki 40, kuanzia asi, ambayo huhesabiwa kuwa 1, mpaka 10. Asiye na karata akate karatasi ngumu za boksi vipande 40, aandike 1 mpaka 10 mara nne. Kwa wazazi na viongozi wa dini wasiotaka kuona karata nyumbani, vipande hivyo vya boksi vinamaliza ubishi, kwa sababu havina alama yoyote ya kamari.

Mtu mzima ambaye hakusoma aanzie kwenye pesa. Kila karata ihesabiwe mara mia: 7 ni faranga 700. Fungua karata mbili, kwa mfano 4 na 3. Bei ni faranga 700, mteja ametoa noti ya 1.000. Chenji ni ngapi? Asitoe kwa kushuka, apande kutoka 700 mpaka 1.000: mia nane, mia tisa, elfu moja. Ni hatua tatu, basi ni 300. Ahesabu kwa lugha anayotumia sokoni, iwe Kiswahili, Kibembe au Kifaransa. Kumlazimisha abadili lugha ni kumpa kazi mbili kwa wakati mmoja.

Akizoea, aende kwenye karata tatu, kwa kujumlisha na kutoa tu, namba ya kufikia ikiwa 10. Karata zikiwa 9, 5 na 4, njia ni hii: tisa na tano ni kumi na nne, toa nne, inabaki kumi. Anayefundisha asikilize kosa, asikimbilie kulisahihisha. Mtu akisema tisa na tano ni kumi na tatu, hakubahatisha. Amehesabu vidole vitano, lakini kidole cha kwanza amekiita tisa badala ya kumi. Dawa yake si kurudia mara mia moja. Aonyeshwe kuchukua 1 kutoka kwenye 5 ili 9 iwe 10, kisha aongeze 4 iliyobaki.

Kwa kijana anayejua kuzidisha na kugawanya, namba ya kufikia ni 24. Mchezo huu umechezwa na Wachina wengi kwa karata za kawaida, na mwaka 1988 Robert Sun alianza kuuza kadi zake za mchezo huo Marekani. Sheria ni fupi: fungua karata nne, tumia kila moja mara moja tu, bila kubakiza hata moja, mpaka ufike 24.

Chukua karata 5, 3, 8 na 2. Kijana mwenye haraka ataona 3 mara 8 ni 24, atapiga kelele kwamba ameshinda. Hajashinda, kwa sababu 5 na 2 bado ziko mezani. Njia nzima ni 8 mara 2, kumi na sita. Ongeza 5, ishirini na moja. Ongeza 3, ishirini na nne. Ili kosa hilo lionekane na wote, mchezaji ageuze karata kifudifudi kila anapoitumia. Ikibaki moja inayotazama juu, jibu halikubaliki.

Sasa chukua 9, 1, 6 na 2. Hapa kujaribu ovyo kunachosha. Anayejua kwamba 24 ni 8 mara 3, au 6 mara 4, au 12 mara 2, anatafuta vipande hivyo. Tisa toa moja ni 8. Sita gawanya kwa mbili ni 3. Nane mara tatu, amefika. Hapo jedwali la kuzidisha linageuka kitu cha kutafutia njia, si wimbo wa kukariri darasani.

Kuna mikono isiyofika kabisa. Karata 1, 1, 2 na 2 hazivuki 9, hata uzipange vipi. Kati ya makundi 715 tofauti ya karata nne kutoka 1 mpaka 10, makundi 149 hayana njia. Kwa hiyo wote wakikwama dakika tatu, karata zibadilishwe bila kumcheka mtu.

Kinachoharibu mchezo huu zaidi ni mbio. Mmoja mwenye kasi akijibu kila mara, wengine watatu wanageuka watazamaji, na aliyekatiza masomo miaka miwili anajiona mjinga mbele ya wenzake. Bora kuwe na dakika moja ya kimya. Anayepata aweke mkono juu ya meza, asiseme. Dakika ikiisha, azungumze kwanza aliyeweka mkono wa mwisho. Akishindwa kueleza njia yake, zamu inahamia kwa mwingine. Kwa namna hiyo anayebahatisha anajulikana mapema, na mwenye pole pole anasikilizwa.

Karata hazifundishi kila kitu. Hazifundishi kuandika hesabu, wala kubadili dola kuwa faranga, na haziwezi kushika nafasi ya mwalimu. Tena seti moja inatosha watu wanne tu. Kundi la watu 40 linahitaji seti 10, na hapo ndipo maboksi matupu ya dukani yanapokuwa na faida.

Kwa hiyo wakuu wa maeneo ya wahami, wakufunzi wa watu wazima na wazazi wasianze kwa kufukuza vijana walio chini ya mwembe. Waende, waondoe dau na karata za picha, waache zile 40, kisha wamwite mama muuza ndakala akae pamoja nao. Baada ya wiki chache wasiulize nani alishinda mara nyingi. Waulize kama mama huyo bado anaomba simu ya jirani mteja anapompa noti ya elfu moja.