Barua ya juma: Moyo wa binti yangu unapiga mbio saa ya michezo

Mama Muuguzi, jambo.

Binti yangu ana miaka 14, anasoma hapo kwenu. Tangu mwezi uliopita mwalimu wa michezo anamketisha pembeni, kwani akizunguka kiwanja mara moja tu, moyo unapiga kwa nguvu na pumzi inamwishia. Wenzake wanamwita mvivu. Mimi nilitaka hesabu. Niliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, nikahesabu nusu dakika, nikazidisha mara mbili. Asubuhi, kabla hajatoka kitandani, bila homa: 96. Akitoka kuchota maji, kwa kupanda huku kwetu Kadutu: 156. Baada ya kuketi dakika 10: bado 120. Siku zake za mwezi zinafika 8, na usiku anaamka kubadili kitambaa. Tena nimekuta udongo wa kula mfukoni mwake. Je, ni moyo? Nimwombee ruhusa asicheze tena?

Mama, jambo.

Hiyo 156 hainiogopeshi. Mtoto wa umri huu akikimbia sana, mapigo yanaweza kupita 180. Ninachotazama ni yale ya asubuhi, na yale ya baada ya kupumzika: yote mawili yako juu. Damu nyingi ya mwezi na hamu ya udongo vinanifanya nifikiri amepungukiwa damu. Damu ndiyo inabeba hewa. Ikiwa haba, moyo unaizungusha mara nyingi zaidi. Moyo wenyewe unaweza kuwa mzima.

Mchana, vuta kope yake ya chini: ndani pakiwa peupe, ni dalili, ingawa jicho hudanganya. Kwa hiyo mpeleke kituo cha afya, uombe kipimo cha hemoglobini na cha malaria. Kwa umri wake, hemoglobini chini ya 12 ni upungufu. Wakimpa vidonge vya chuma, asivimeze na chai, maana chai inazuia chuma kuingia mwilini. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Avimeze mpaka mwisho wa siku walizoandika, hata akipata nafuu mapema, na udongo auache. Sombe, maharagi na sambaza ni vizuri, lakini peke yake havitatosha. Waeleze pia zile siku 8, watafute sababu. Bila hivyo tunajaza bidoni iliyotoboka.

Kwa sasa atembee tu, asishindane mbio. Nitaongea na mwalimu, na neno la uvivu liishe.

Ila akizimia akikimbia, akiumwa kifua, au moyo ukianza ghafla akiwa ameketi, haraka hata usiweze kuhesabu, kisha ukatulia mara moja, hilo ni jambo lingine. Aache michezo kabisa, aende hospitali siku hiyohiyo wampime moyo kwa mashine. Kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, mwambie muganga.

Matokeo yakitoka, nitumie karatasi kwa mkono wake.