KD si umri wa gari, wasee

Kuna kitu inaniudhi kila nikipita yadi za magari. Mtu anaangalia namba, anaona KD, bei inapanda. Akiona KC anasema hiyo ni ya zamani, hata bila kufungua mlango.

Hebu tuelewane kwanza vile hizi herufi zinafanya kazi. Mfumo tulionao ulianza 1989 na KAA 001A. Namba zinapanda hadi 999A, kisha inakuja 001B, hivyo hivyo hadi Z. I na O zinarukwa juu zinafanana na moja na sufuri. Kwa hivyo KDA peke yake ina magari 23,976, ndio KDB ianze. KDA 300B na KDA 300Y si za siku moja, hapo katikati kuna maelfu ya magari.

Watu wengine bado wanadhani herufi inaonyesha gari ni ya Mombasa ama Kisumu. Zii. Foleni ni moja, nchi nzima. Labda gari za serikali za kaunti, hizo unajua kwao: 01CG ni Mombasa, 47CG ni Nairobi.

Sasa shida iko hapa. Herufi inakuambia siku gari ilisajiliwa Kenya, si siku ilitoka kiwandani. Na sheria inaruhusu kuingiza gari ambayo imeshatumika huko nje, bora isizidi miaka minane.

Mjomba wangu alikuwa anatafuta pikapu. Yadi moja walikuwa na mbili zinafanana. Ya kwanza ni KCD, ya pili KDA, na KDA iliongezwa laki mbili. Mjomba alikuwa tayari kulipa, nikamwambia, "Uncle, tuone logibuku kwanza." KCD ilinunuliwa mpya hapa hapa Kenya, imetengenezwa 2015 na kusajiliwa 2015. KDA ilisajiliwa 2020, lakini imetengenezwa 2013. Yaani hiyo "mpya" ndiyo kubwa kwa miaka miwili, na tulikuwa tunaambiwa tuongeze doh ili tuzeeke!

Muuzaji hakuwa amedanganya, ni vile tu hakuna mtu alikuwa amemuuliza.

Kama logibuku haiko karibu, vuta mshipi wa kiti hadi mwisho, uangalie kile kitambaa kimeshonwa huko chini. Gari nyingi za Japani zina tarehe hapo. Mshipi mmoja ukisema 2013 na mwingine 2017, uliza ilibadilishwa kwa nini, huenda gari iligongwa. Halafu linganisha namba ya chesisi na rekodi ya NTSA kwenye eCitizen kabla hujatuma hata deposti.

Mjomba alichukua KCD. Marafiki zake bado wanamcheka ati alinunua gari ya zamani.