Kadi ya Soseji

Mwaka juzi tulifanya warsha ya siku tatu katika hoteli moja ya Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Chakula kilikuwa cha kujipakulia. Asubuhi ya pili mwenzangu mmoja, Mwislamu kutoka Pemba, alijipakulia soseji mbili kutoka kwenye chombo chenye kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Jana yake alikula soseji hizo hizo, naye aliambiwa ni za ng'ombe. Alipokwisha kula, mpishi alipita akasema, bila nia mbaya, kwamba za ng'ombe zimeisha na za leo ni za nguruwe. Kadi haikubadilika, kwa kuwa ilisema "soseji" tu.

Mwenzangu hakugombana na mtu. Aliniambia, "Dhambi sina, Daktari, sikujua. Lakini tumbo halijui fikihi." Siku zilizobaki alikula ndizi mbivu na chai ya rangi.

Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu. Kosa halikuwa kukosekana kwa kadi wala kukosekana kwa lugha ya pili. Kadi ilitaja umbo la chakula ikaacha kilichomo ndani. Wanaoumia si Waislamu peke yao: Wasabato nao hawagusi nguruwe, na tunao wengi.

Kwa walaji wasiokula nyama, tatizo linaanzia katika lugha yetu wenyewe. Mswahili akiuliza, "Leo mboga gani?" anaweza kujibiwa, "Samaki." Mboga ni kitoweo chochote kinachoshushia ugali au wali. Na neno "nyama", katika vinywa vya wengi wetu, ni ng'ombe au mbuzi. Kuku ni kuku, na dagaa ni dagaa. Basi mhudumu anayesema "hii haina nyama" huku mchicha umeungwa kwa dagaa wa kusaga hasemi uongo. Anajibu kwa Kiswahili chake swali lililoulizwa kwa fikra nyingine.

Hilo ndilo lililomkuta binti wa Kijerumani aliyekuwa nasi, ambaye ni mvigani: hali nyama, samaki, mayai, maziwa wala samli. Kadi ya maharage ilisema "mboga", na upande wa Kiingereza ikatafsiriwa kana kwamba ni mazao ya bustani. Alikula kwa raha siku mbili. Siku ya tatu aligundua kwamba maharage yalipikwa kwa supu ya mifupa ya ng'ombe, ili yapate ladha. Maharage yale yale yakiungwa kwa nazi, kitunguu na nyanya yangemfaa kabisa, wala yasingegharimu zaidi.

Pilipili nayo ina mtego wake. Pilau ina viungo vingi, yaani bizari nyembamba, iliki, mdalasini na karafuu, lakini haiwashi. Tafsiri ya haraka ya "yenye viungo" humfanya mgeni aiogope pilau, kisha ajimwagie kachumbari iliyokatiwa pilipili mbuzi. Tena Kiingereza cha kila siku hutumia neno moja kwa chakula kilichotoka jikoni sasa hivi na kwa chakula kinachowasha. Kiswahili kina bahati ya kutenganisha "cha moto" na "kikali". Kadi itumie bahati hiyo, na pembeni uchorwe mchoro wa pilipili.

Kadi ninayoitaka ni fupi: jina la chakula, kisha kilichomo, kwa lugha zote mbili na kwa herufi zinazosomeka ukiwa umesimama na sahani mkononi. "Maharage ya nazi. Hayana nyama, samaki, maziwa wala mayai." "Soseji za nguruwe." Mchoro wa nguruwe usipigwe mstari, kwani mwingine atausoma kuwa chakula hakina nguruwe na mwingine kuwa ni marufuku kwake. Aandike aliyepika, kwa sababu ndiye ajuaye supu iliyoingia. Na kadi ikae na chombo, si na meza: chombo kikirudi jikoni kujazwa, kadi irudi nacho, na kilichomo kikibadilika iandikwe upya. Nguruwe awekwe mwisho wa meza na upawa wake mwenyewe, la sivyo upawa utahamia kwenye kuku na kadi zote zitakuwa kazi bure.

Mwenye hoteli aliniambia kwamba kuandika "nguruwe" waziwazi kutawafukuza Waislamu. Nilimjibu kwamba anayekula nguruwe atafurahi kumwona, na asiyekula huondoka anapogundua, siyo anaposoma. Hakukubaliana nami. Sasa treni ya reli ya kisasa inashusha abiria Kilosa, na wageni wa mbugani watazidi. Pengine hesabu za mapato zitamshawishi kuliko mimi.

Mwenzangu wa Pemba bado anakuja kwenye warsha zetu. Mkobani hubeba mayai yake ya kuchemsha.