Jina usilolijua kwenye taarifa ya konti: usikimbilie kulia mwizi

Mara nyingi jambo hili linaanza kwa ujumbe mfupi kwenye telefoni: dola 12 zimetoka kwenye konti, na mahali pa jina la muuzaji panasomeka neno ambalo mwenye kadi hajawahi kulisikia. Wengi wanafanya moja kati ya mambo mawili. Kuna wanaopiga simu benki papo hapo na kufungisha kadi. Wengine wanasema "ni feza kidogo tu" na kuachilia. Yote mawili yanaweza kuwa kosa, na yote mawili yanatoka kwa kutojua namna ule mstari unavyoandikwa.

Benki ya mwenye kadi si yenyewe inayotunga jina hilo. Linatumwa na benki ya muuzaji, kufuatana na vile muuzaji alivyojiandikisha siku alipoomba ruhusa ya kupokea kadi. Nafasi ni ndogo: kwenye Visa, jina lina herufi 25, muji una 13, na inchi ina herufi mbili. Kinachozidi kinakatwa. Hoteli inayojulikana na kila mutu Lubumbashi inaweza kuonekana kwa jina la sosieti ya mwenye mali, lile lililo kwenye RCCM, wala si lile lililo kwenye kibao cha mlangoni. Kwa hiyo risiti inayotoka kwenye mashini ya kulipia isitupwe: kwa kawaida jina lililo juu yake ndilo litakalorudi kwenye taarifa ya konti.

Kwenye manunuzi ya Intaneti kuna mutu wa tatu anayeingia katikati. Wauzaji wengi wadogo hawana mkataba wao wenyewe na benki. Wanapitia sosieti inayopokea malipo kwa niaba yao. Hapo ndipo kinyota kinapotokea. Kilicho kabla ya kinyota ni jina la mpokeaji, na kilicho baada yake ni jina la muuzaji, mara nyingi likiwa limefupishwa. `PAYPAL *` maana yake feza zimepitia PayPal. `SQ *` ni Square, na `GOOGLE *` ni Google, ikifuatwa na jina la programu au huduma. Tena, mahali pa muji panaweza kuandikwa namba ya simu au anwani ya tovuti. Kwa hiyo tarakimu zisizoeleweka mwishoni mwa mstari zinaweza kuwa simu ya kupigia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Bunia anayetengeneza picha za harusi anaona mstari huu:

```
12/03  PADDLE.NET* PICHAPLUS  LONDON  GB  12.00 USD
```

Hajafika London, hajui Paddle, na tarehe 12 hakununua kitu. Lakini Paddle ni sosieti inayouza programu za kompyuta za watengenezaji wengine. Kisheria yenyewe ndiyo muuzaji, ndiyo maana jina lake linatangulia. Ishara ya kweli iko baada ya kinyota: PICHAPLUS. Kijana anatafuta neno hilo kwenye barua-pepe yake na hapati kitu. Anatafuta tena kwa bei, "12.00", na sasa unatokea ujumbe wa tarehe 3 mwezi wa tatu: alijiandikisha kujaribu programu bure kwa siku saba na akaweka namba ya kadi. Siku saba ziliisha tarehe 10, malipo yakakatwa, na benki ikayaandika kwenye konti siku mbili baadaye.

Kumbe hakuna mwizi. Kuna abonema iliyosahauliwa, na itarudi mwezi ujao isipokatwa. Kama ule ujumbe angekuwa ameufuta, Paddle ina ukurasa wa `paddle.net` ambapo mnunuzi anatafuta ununuzi wake na kuomba msaada. Kama angefungisha kadi tu, angelipia kadi mpya na kungoja, na deni la abonema lingebaki palepale. Kama angeambia benki kwamba ameibiwa, muuzaji angetoa ushahidi wa kujiandikisha kwake, na dai lingeanguka.

Mambo mawili katika mfano huu yanafaa kukumbukwa. Tarehe ya taarifa si lazima iwe tarehe ya kununua. Ni vizuri kutafuta wiki mbili nyuma. Na bei iliyoonekana dukani inaweza kutofautiana na iliyokatwa, kwa sababu ya kubadilisha feza za kigeni au ya ada ya benki. Kabla ya yote, watu wa nyumbani waulizwe. Mtoto anayecheza michezo kwenye telefoni ya baba anaweza kununua kwa kadi iliyohifadhiwa humo bila kujua kwamba ni feza za kweli.

Namna ya kutafuta nayo ina hatari yake. Mutu akiandika jina geni kwenye Intaneti, anaweza kuangukia tovuti ya matapeli inayojifanya huduma ya wateja. Muuzaji wa kweli anaweza kutafuta malipo kwa tarehe, kiasi, na tarakimu nne za mwisho za kadi. Anayeomba namba nzima, tarakimu tatu za nyuma ya kadi, au kodi iliyoingia kwenye telefoni, huyo ndiye mwizi.

Wakati mwingine ni wizi kweli. Ishara zake: hakuna risiti kwenye barua-pepe yoyote, hakuna wa nyumbani anayejua, na malipo madogo ya dola moja yanafuatwa na makubwa muda mfupi baadaye. Dola moja peke yake, inayorudi baada ya siku chache, inaweza kuwa muuzaji anayehakikisha kadi. Isiporudi, na ikafuatwa na nyingine, kadi ifungwe saa hiyohiyo, kisha benki iandikiwe. Kwa Visa na Mastercard muda wa kudai kwa kawaida ni siku 120, lakini benki inahitaji siku zake ndani ya hizo.

Hapa benki zetu nazo zina wajibu. Mfanyakazi wa benki anaweza kuona mambo ambayo mteja haonyeshwi: kodi ya tarakimu nne inayosema muuzaji ni wa aina gani, kwa mfano 5812 kwa mkahawa, na namba ya kumbukumbu ya tarakimu 23 ambayo benki ya muuzaji inaitumia kutafuta malipo hayo. Mteja ana haki ya kuviuliza, na benki haina sababu ya kungoja aulize. Ujumbe unaosema tu "malipo ya kadi" pamoja na kiasi unamficha mteja kile ambacho benki tayari inacho.

Jambo hilo si dogo kwa mutu wa Goma, ambako benki zilifunga milango mwanzoni mwa 2025. Asiye na dirisha la ajansi la kwenda kuulizia anabaki na telefoni yake tu. Mstari wote, pamoja na kinyota, muji na namba ya simu, ungemtosha kumfuata muuzaji yeye mwenyewe. Kuutuma mzima hakuhitaji mashini mpya. Kunahitaji benki iache kuukata.