Sahani ya mtoto: kipimo chake na bei yake

Juma hili tunaongea na wale wanaouza chakula: wenye restora ndogo, na wale wanaopika kwa zamu katika kikundi. Siku ya Mungu, ibada ikiisha, mama anaingia na watoto wawili. Anaagiza sahani mbili za wakubwa pamoja na sahani moja tupu, halafu anagawa. Pilipili tayari imo ndani ya maharagi, mdogo analia, wali unabaki. Ndiyo maana wengi wetu wanafikiri kuweka sahani ya watoto. Lakini mara nyingi wanachukua sahani ya mkubwa, wanaikata nusu, na bei pia wanaikata nusu. Hapo ndipo hasara inapoingia bila kuonekana.

Tuchukue mfano wa restora karibu na soko la Kadutu, Bukavu, inayopika wali, maharagi na lengalenga. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe utaweka zile za soko lako.

Tuanze na kipimo. Tafuta kikombe cha mililita 250, yaani kinachojazwa na nusu ya chupa ya maji ya nusu lita. UNICEF inashauri mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili ale robo tatu ya kikombe hiki hadi kikombe kizima kwa kila mlo. Kwa hiyo sahani yetu ya mtoto itakuwa kikombe kimoja: nusu wali, robo maharagi, robo lengalenga. Sahani ya mkubwa katika restora hii ni vikombe vitatu: wali kimoja na nusu, maharagi kimoja, lengalenga nusu. Unaona kwamba mtoto mdogo hali nusu ya mkubwa, anakula theluthi. Ukimpa nusu, kinachozidi kinaenda kwenye ndoo ya mabaki, na ni wewe uliyekinunua.

Sasa bei. Kilo moja ya mchele ikiiva inatoa karibu vikombe 15. Pima sufuria yako mara moja, uandike. Ukinunua kilo kwa faranga 3,000, kikombe cha wali ni faranga 200. Kilo ya maharagi kwa 2,500, pamoja na mafuta, vitunguu na nyanya za 1,200, inatoa karibu vikombe 12: kila kikombe ni karibu 310. Lengalenga tuseme ni 200 kwa kikombe. Basi chakula cha mtoto kinakugharimu faranga 230, na cha mkubwa 710.

Lakini chakula si gharama yote. Kuna makala, maji, sabuni, nyumba na msichana anayesaidia. Tuseme vyote ni faranga 36,000 kwa siku, na unauza sahani 60. Kila sahani inabeba 600. Na hapa tuangalie vizuri: mtoto anakula kidogo, lakini kiti anachokalia ni kizima, na sahani yake inaoshwa kwa maji yale yale. Ile 600 haipungui kwa sababu yeye ni mdogo. Kwa hiyo sahani ya mtoto inakugharimu 830, na ya mkubwa 1,310.

Kama mkubwa analipa 2,000, unapata faida ya 690. Ukimuuzia mtoto kwa nusu, yaani 1,000, unapata 170 tu. Yule mama wa watoto wawili angenunua sahani mbili za wakubwa kwa 4,000, ukapata 1,380. Akichukua moja ya mkubwa na mbili za watoto kwa nusu bei, analipa 4,000 ile ile, lakini faida yako inashuka hadi 1,030. Ukiweka sahani ya mtoto 1,200, yeye analipa 4,400 na wewe unapata 1,430. Ukipandisha hadi 1,500 atalipa 5,000, na hapo atarudia kuomba sahani tupu. Katika mfano huu, basi, bei nzuri iko karibu na 1,200, zaidi kidogo ya nusu.

Mtoto wa miaka sita au saba hatashiba kikombe kimoja. Usitengeneze bei nyingine kwa ajili yake. Mwongeze nusu kikombe cha wali bila kumlipisha: inakugharimu faranga 100 tu, na faida bado ipo. Na mama anayetaka kugawa sahani yake na mtoto, mpe ile sahani tupu bila kununa. Labda hana 1,200 leo.

Ili yule mama akubali kuongeza faranga 400, ni lazima aone kitu alichopata. Cha kwanza ni haraka. Mtoto mwenye njaa hawezi kungoja samaki akaangwe. Kwa hiyo katika sahani ya mtoto usiweke kitu cha kupikwa akiisha kuagiza. Weka tu kilichomo katika sufuria tayari, na umpelekee mtoto kwanza, kabla ya mama yake. Pakua katika sahani pana, utandaze chakula kipoe. Katika bakuli refu juu kunapoa, lakini katikati kunabaki moto wa kuunguza ulimi. Pilipili ipikwe kando, kila mkubwa ajiongezee mezani.

Cha pili ni usalama. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, maana inaweza kumkaba. Ya kusagwa ndani ya mboga haina shida hiyo. Samaki mwenye miiba usimweke katika sahani ya wadogo, kwa sababu siku ya watu wengi hakuna atakayepata nafasi ya kumchambua vizuri. Sombe inafaa ikiwa imetwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu, maana jani bichi la muhogo lina sumu. Kwa hiyo ianze kupikwa asubuhi mapema. Chakula kilichoiva kisikae kimepoa zaidi ya saa mbili: kibaki juu ya moto mdogo, na cha jana kichemshwe tena hadi kitoe mvuke kote. Kwa upande wetu wa ziwa tunaijua kolera, basi bidoni yenye robine na sabuni ikae mlangoni, chini kiasi ambacho mtoto anaifikia, na maji ya kunywa yawe yamechemshwa au kutiwa dawa. Meza ya familia iwe mbali na mbabula na mbali na njia ya anayebeba sufuria.

Jaribu kwa Siku za Mungu nne. Kila mara andika umeuza sahani ngapi za watoto, na uangalie kilichobaki ndani yake kabla ya kuosha. Kama kila mara ni wali unaobaki, punguza wali. Kama ni lengalenga, ionje: labda chumvi imezidi, au majani yamekatwa makubwa mno kwa meno ya mtoto. Kama sahani zinarudi tupu lakini wamama bado wanaomba sahani ya kugawia, chakula hakina kosa. Rudi kwenye daftari, upige tena hesabu ya bei.