Samahani yenye "kama" si samahani

Sisi wanachuo tunaomba samahani kutwa nzima. Samahani nipishe, samahani una chaja, samahani mwalimu nimechelewa. Neno limetumika mpaka limechakaa. Ndiyo maana siku tukimuumiza mtu kwelikweli tunalitupa lilelile, kisha tunashangaa mbona halifanyi kazi. Mimi yalinikuta Desemba iliyopita.

Tulikuwa watatu, tumeenda likizo nyumbani kwa rafiki yetu kule Turwa, Tarime. Chuoni tunamwita Mura, kama vijana wengi wa Kikurya wanavyoitwa. Usiku wa pili tulikaa kwenye ugali wa muhogo na ulezi, kuku wa kienyeji, maziwa mgando pembeni. Stori zikanoga, Mura akatueleza kwamba nyumba yao ni nyumba ntobhu. Bibi yake hakujaliwa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe wa mahari, akamuoa mama yake Mura. Watoto waliozaliwa ni wa nyumba ya bibi, na mwanamume aliyewazaa hana madai juu yao.

Mimi nikaropoka: "Kwa hiyo nikimuoa dada yako, mahari nampelekea baba mwenye gauni?"

Wale wenzangu wawili walicheka. Bibi alitazama sahani. Mama akabeba bakuli la mboga, lililokuwa bado limejaa, akatoka nje.

Usiku ule, taa zimezimwa, nikamwambia Mura: "Oya, samahani kama nimekukwaza. Si unajua mimi mtani." Akajibu, "Poa." Nikalala usingizi mzito.

Haikuwa poa. Tuliporudi chuo aliacha kunipitia asubuhi. Meseji zangu zilijibiwa "sawa" na "haya". Wiki ya tatu nikamuuliza kulikoni. Akasema: "Ulinitukana mbele ya mama, ukaniomba msamaha gizani."

Hapo ndipo nikaanza kuichambua samahani yangu. Kwanza ile "kama". Niliona mama akitoka na bakuli, sasa "kama" ya nini? Neno hilo lilimhamishia Mura kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia.

Pili, utani. Utani una wenyewe na una kanuni zake. Mchaga na Mpare wanataniana kwa sababu kila mmoja ana ruhusa ya kurudisha. Mimi nilikuwa mgeni mezani, nakula kuku wao, na bibi wa watu hakuwa na nafasi ya kunirudishia. Huo si utani, ni dharau iliyovaa kicheko.

Tatu, sikujua nimegusa wapi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa ni ya mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo nyumba iliyomlea Mura inaheshimika kijijini, lakini kwenye makaratasi haina jina. Kila akijaza fomu, akifika pale pa jina la baba, kalamu inasita. Mzaha wangu ulikuwa ni fomu ileile, ila yenye watu wa kucheka.

Nikamwomba tukae, nikasema: "Nilimwita bibi yako baba mwenye gauni, mbele yake na mbele ya mama. Nilikudhalilisha nyumbani kwenu. Nikakosea tena kwa kuuita utani. Nisamehe." Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana ulimi unatamani kuongeza "lakini sikuwa na nia mbaya". Nia yangu haikuwa imeulizwa.

Angalia pia neno lenyewe. "Pole" humpa mtu faraja bila kukiri kosa. "Samahani" hata kondakta anaambiwa. "Nisamehe" inamtaja mkosaji na inamwachia mwenzako uamuzi.

Mura akasema atafikiri. Nikawarudia wale wawili waliocheka, nikawaambia mzaha ule ulikuwa upumbavu wangu, kwa kuwa kosa lililotendwa hadharani halifutwi chumbani. Siku kumi baadaye Mura mwenyewe akapiga simu nyumbani, akanipa. Nilimwamkia bibi shikamoo, nikayarudia maneno yangu bila kuyapaka sukari. Kimya kirefu. Halafu akasema, "Marahaba. Ukija tena, utakula." Mama alisalimia tu, akarudisha simu.

Wapo watakaosema nimekuza jambo dogo, kwamba washikaji wa kweli hawaombani radhi kwa mizaha. Mimi naona kinyume chake: anayeombwa radhi nusunusu hagombani nawe, anapunguza tu stori anazokupa. Utabaki na "poa" nyingi na rafiki huna.

Leo Mura ananipitia tena asubuhi. Habari za nyumbani kwao bado hanisimulii kama zamani, na simuulizi. Msamaha nilioomba haukunipa haki ya kudai hilo.