Cheti cha bima mkononi, leseni bado: Wakala wa Buguruni anavyokwama

Pale Buguruni Sheli, kumuuzia mwenye gari bima ndogo ni kazi ya dakika chache. Kumbe aliyekaa chini ya mwavuli anaweza kuwa amefaulu mtihani na bado haruhusiwi kuuza.

Mtihani wenyewe ni wa kozi fupi ya COP, ambayo wengi huifuata wakidhani wakimaliza wameshakuwa mawakala. Hapana. Cheti kinaonyesha tu kwamba mtu anaijua kazi. Baada ya hapo lazima apate kampuni ya bima itakayokubali kumteua kwa mkataba, kisha maombi yaende kwa Kamishna wa Bima, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Leseni ikitoka, ndipo auze. Nayo ina muda wake, lazima ihuishwe.

Udalali ni mlango mwingine. Wakala anaiwakilisha kampuni ya bima. Dalali anamwakilisha mteja. Dalali anatakiwa awe kampuni yenye mtaalamu wa kuiongoza na bima ya kufidia makosa yake ya kikazi. Siyo biashara ya mwavuli.

Lakini wengi hawaangukii kwenye mtihani. Wanaangukia kwenye hela.

Tuseme mwenye gari dogo la binafsi analipa 118,000: ada ya bima 100,000 na VAT 18,000. Ikiwa mkataba wa wakala unampa kamisheni ya asilimia 12.5, chake ni 12,500, maana kamisheni haipigwi kwenye kodi. Zilizobaki siyo zake hata kama zimeingia kwenye simu yake. Sasa kodi ya chumba imefika, anazigusa "mpaka Ijumaa", na mteja anaambiwa stika inakuja.

Jumatano gari linagonga bodaboda Barabara ya Mandela.

Hapo maneno matamu hayasaidii. Sheria ya Bima ya 2009 inataka ada ilipwe kwanza ndipo kinga ianze, na siku hizi stika ni ya kielektroniki. Trafiki akiingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA MIS, hakuna kitu. Mteja ana ujumbe wa muamala uliokwenda kwa namba ya mtu, majeruhi yuko Amana, na wakala ana kesi ya kujibu, na leseni pia iko hatarini.

Ndiyo maana mawakala wazoefu humwambia mteja alipe moja kwa moja kwa namba ya malipo ya kampuni, kamisheni ije baadaye. Inachelewa, ndiyo, na inaudhi.

Mteja naye asiondoke kabla ya kufungua tiramis.tira.go.tz na kuingiza namba ya gari. Aangalie jina la kampuni, aina ya bima na tarehe ya kuanza. Ikisomeka ya kesho, leo anaendesha bila bima.